Jedwali la kozi: kalenda inasema wiki 15, Ijumaa zangu hazifiki. Nipangeje?

Bi Mkufunzi

Habari za jioni wadau. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nimekabidhiwa kozi ya Historia ya Pwani ya Afrika Mashariki, mwaka wa pili, wanafunzi kama 160. Muhula unaanza Jumatatu 2 Machi 2026 na unamalizika Ijumaa 12 Juni, wiki 15 za kufundisha. Mkuu wa idara anataka muhtasari wa kozi wenye lile jedwali la wiki kwa wiki: mada, cha kusoma, asaimenti na siku za mwisho za kukabidhi.

Nimeandika rasimu. Nina mada 14, moja kila wiki, kuanzia Azania ya karne ya kwanza mpaka Mapinduzi ya Zanzibar 1964, na wiki ya 15 ni marudio. Kila wiki nimeweka sura mbili za kusoma. Alama za ndani ni 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo nimeweka majaribio mawili, wiki ya 8 na wiki ya 13, na insha moja wiki ya 14.

Mhadhara ni Ijumaa saa 4 hadi saa 6 asubuhi. Semina ni saa moja, makundi mawili, Jumanne na Jumatano.

Kinachonisumbua ni kwamba nilipofungua kalenda ya sikukuu nikaona mambo hayakai. Waliowahi kupanga jedwali la namna hii naomba mnisaidie kabla sijalipeleka.

---

Mwalimu Kibaha

Mwalimu mwenzangu, hilo ni rahisi. Andika mwezi, wiki, mada kuu, mada ndogo, idadi ya vipindi, shughuli za ufundishaji, zana, rejea, upimaji, halafu safu ya mwisho ni maoni. Mwisho wa kila wiki unajaza maoni: imefundishwa, haijafundishwa, sababu. Mkaguzi akija anakuta kila kitu. Mimi langu la kidato cha tatu nimelimaliza tangu Januari.

---

Bi Mkufunzi

Ahsante mwalimu. Hilo ni azimio la kazi, linabaki kwako na kwa mkuu wa shule. Hili langu anapewa mwanafunzi siku ya kwanza, alitumie kujipangia muhula mzima. Ila hiyo safu ya maoni nimeipenda, nitaiweka kwenye nakala yangu.

---

Dokta Mtarajiwa

Mimi nimefundisha mihula kadhaa. Kanuni ni moja tu: jaribio la kwanza liwe katikati ya muhula, wiki ya 7 au ya 8, la pili wiki ya 13. Mada gawa sawasawa. Ukishatoa jedwali usilibadilishe hata neno moja, maana ni mkataba na wanafunzi. Sikukuu zisikuumize kichwa, kipindi kikianguka unafidia Jumamosi.

---

Mzee wa Ratiba

Bi Mkufunzi, nimekaa kwenye kamati za ratiba za kitivo miaka mingi. Hebu tuanze na kalenda, maana mengine yote yanategemea hapo.

Zihesabu Ijumaa zako kwa tarehe, si kwa namba ya wiki. Ya kwanza ni 6 Machi. Ya tatu ni 20 Machi, na Idd el-Fitr inatarajiwa 20 au 21 kutegemea mwandamo. Ya tano ni 3 Aprili, Ijumaa Kuu. Ya tisa ni 1 Mei, Mei Mosi. Kwa hiyo kati ya Ijumaa 15 mbili zimeshakwenda kwa hakika, na ya tatu huwezi kuitegemea. Unabaki na mihadhara 12, na ukifanyia jaribio ndani ya muda wa mhadhara unabaki na 11. Mada zako 14 haziingii humo kwa hesabu yoyote.

Angalia na semina. Kundi la Jumanne linapoteza 7 Aprili, Siku ya Karume. Kundi la Jumatano linaweza kupoteza 27 Mei kama Idd el-Hajj itaangukia hapo. Maana yake kuanzia wiki ya 6 kundi moja litakuwa nyuma ya jingine kwa semina nzima, na jedwali lenye safu moja ya "semina" litamdanganya mmoja wao. Weka tarehe mbili kwenye seli ya semina, ya Jumanne na ya Jumatano, usiweke namba ya wiki peke yake.

Kozi ambayo mhadhara wake ungekuwa Jumatatu ingepoteza siku moja tu muhula huo, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6 Aprili. Chuo ni kilekile na wiki ni 15 zilezile. Ndiyo maana jedwali la mwenzako huwezi kulinakili likakufaa.

Dokta Mtarajiwa yuko sahihi kwamba jedwali ni ahadi na halichezewi ovyo. Kuhusu Jumamosi sikubaliani naye. Darasa la watu 160 litakuwa na Wasabato, na Jumamosi kwao ni siku ya ibada. Ukifundisha mada mpya siku hiyo umewaacha.

---

Dokta Mtarajiwa

Hapo kwa Wasabato nakubali, sikulifikiria. Lakini kama hakuna Jumamosi, na jioni vyumba vimejaa, afidie wapi? Mada 14 zimeidhinishwa kwenye mtaala, hawezi kuzifuta kwa sababu ya sikukuu.

---

Mzee wa Ratiba

Hazifutwi, zinaunganishwa. Mtaala ulioidhinishwa unataja maudhui na matokeo ya kujifunza. Haukupangii kwamba kila mada ipate saa mbili.

Chukua mfano wa rasimu yake. Najua wengi huanza na wiki mbili za "maana ya historia" na "umuhimu wa historia ya pwani". Hiyo iwe nusu saa ya mhadhara wa kwanza, na saa moja na nusu iliyobaki ifundishe pepo za kaskazi na kusi, kwa sababu bila msimu wa pepo mwanafunzi hatajua kwa nini jahazi la Uarabuni lilikaa miezi pwani kabla ya kurudi, wala kwa nini miji ilikua pale ilipokua. Wareno nao wasipewe wiki tatu. Da Gama kufika 1498, kupigwa kwa Kilwa 1505, ujenzi wa Ngome ya Yesu kuanzia 1593, kuzingirwa kwake na kuanguka Desemba 1698: hiyo ni mihadhara miwili. Karne ya 19 ndiyo inahitaji nafasi, maana hapo kuna karafuu, misafara ya bara, utumwa, mkataba wa 1873, na kugawanywa kwa pwani kati ya 1886 na 1890. Ukigawa sawasawa unainyima sehemu nzito chakula chake.

---

Unguja Yetu

Mzee, kwenye kuunganisha naomba tahadhari. Kila nikiona kozi hizi, 1964 inawekwa wiki ya mwisho kabisa, na wiki ya mwisho ndiyo inayoliwa na vipindi vilivyoanguka. Mwishowe mwanafunzi anamaliza kozi ya pwani amesoma Rhapta, mji ambao mpaka leo wataalamu wanabishana ulikuwa wapi, lakini Mapinduzi hajayagusa. Sisi tunaotoka huku tunaliona hilo kila mwaka.

---

Mzee wa Ratiba

Ni kweli tupu, na dawa yake ni kutoweka mada mpya wiki ya mwisho. Mada ya mwisho ikae wiki ya 14. Wiki ya 15 ikibaki ya marudio, kipindi kimoja kikianguka katikati kinahamia huko na 1964 inabaki mahali pake.

---

CR Mwaka wa Pili

Shikamooni walimu. Mimi ni kiongozi wa darasa chuo kingine, naomba niseme upande wetu.

Muhula uliopita tulikuwa na kozi tano. Zote tano ziliweka jaribio wiki ya 8. Kila mhadhiri kwake ilikuwa katikati ya muhula, kwetu ilikuwa majaribio matano ndani ya siku nne. Kuna watu wamekula sapu ambazo hazikuwa zao.

Jambo la pili ni saa. Asaimenti moja iliandikwa kwenye jedwali "Ijumaa saa 12:00". Sisi tukaelewa saa kumi na mbili jioni. Mfumo ukafunga saa sita mchana, kwa sababu kule 12:00 ni mchana. Walioachwa nje walikuwa wengi kuliko walioingia. Tulibembeleza wiki nzima ndipo ikafunguliwa, na waliowahi nao wakalalamika kwamba wenzao wameongezewa muda.

Jambo la tatu ni kompendiamu. Inatolewa wiki ya kwanza, steshenari wanaiuza, na bumu bado halijaingia. Wiki mbili tatu za mwanzo tunaingia semina hatujasoma kitu, mhadhiri anadhani ni uvivu.

---

Bi Mkufunzi

Marahaba CR, umenisaidia kuliko unavyodhani. Hilo la saa lingenikuta na mimi, rasimu yangu imeandikwa "saa 6:00 usiku Ijumaa".

---

Mzee wa Ratiba

Hiyo ya saa sita usiku ina utata wa pili juu ya ule wa CR. Usiku wa Ijumaa kwa watu wengi ni usiku wa kuamkia Jumamosi, na kwa wengine ni usiku ulioamkia Ijumaa. Halafu kwenye mfumo, 00:00 ya Ijumaa ni pale Alhamisi inapoisha. Ukiweka hivyo umewanyang'anya siku nzima.

Mimi naandika saa zote mbili, na naikwepa usiku kabisa: "Ijumaa 15 Mei, saa 10 jioni (16:00)". Saa kumi jioni ofisi ya tehama bado iko wazi, kompyuta za maktaba zinatumika, na mwenye bando lililokwisha anaweza kukimbilia kwa mwenzake.

Kama mnatumia Moodle, ukifungua mipangilio ya asaimenti utaona `Due date` na `Cut-off date`. Hizi hazifanyi kazi moja. Ikipita `Due date` mfumo bado unapokea, ila unaandika kwamba kazi imechelewa. Ikipita `Cut-off date` haupokei tena. Nyingi ya kesi za "mfumo umenifungia" ni mhadhiri aliyeweka zote mbili dakika moja. Ziache mbali siku mbili tatu, na hiyo nafasi uiandike kwenye jedwali pamoja na alama zinazokatwa.

Kagua pia saa ya akaunti yako mwenyewe kwenye wasifu. Kama imekaa `UTC`, ukiandika 16:00 mwanafunzi ambaye akaunti yake iko saa za Afrika Mashariki ataona 19:00, na utapata maswali siku hiyohiyo. Fungua ukurasa kwa akaunti ya mwanafunzi au muombe CR akupigie picha ya skrini anachokiona.

---

Rafu ya Akiba

Mimi nipo maktaba, upande wa vitabu vya akiba, vile vinavyosomewa mlemle kwa saa mbili. Walimu huandika kwenye safu ya kusoma "sura ya 3 na ya 4" ya kitabu ambacho tuna nakala moja. Darasa la 160 kwa nakala moja, zamu za saa mbili, tukifungua saa 12 kwa siku, wanapita watu sita. Kwa siku sita za wiki ni watu 36. Wengine wanapiga picha kwa simu, wengine hawaji kabisa.

Kabla ya kuweka kitu kwenye jedwali njoo uangalie kama kipo na kina nakala ngapi. Na andika kurasa, usiandike sura. Sura ya 3 katika toleo la kwanza inaweza isiwe sura ya 3 katika toleo la pili, ukurasa na mwaka wa toleo vinaniwezesha kuhakikisha nawapa kitu sahihi.

---

Bi Mkufunzi

Basi hapo kwenye kusoma naomba niulize moja kwa moja. Sura mbili kwa wiki ni nyingi? Nimehesabu, ni kama kurasa 70. Mimi nilipokuwa mwanafunzi tulipewa hivyo.

---

Mzee wa Ratiba

Tuipime. Kozi yako ina krediti ngapi?

---

Bi Mkufunzi

12.

---

Mzee wa Ratiba

Kwa utaratibu wa TCU krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa pamoja. Kozi yako kwa hiyo ni saa 120.

Mhadhara na semina ni saa tatu kwa wiki, wiki 15, jumla 45. Zinabaki 75. Insha ya maana, kuanzia kutafuta vyanzo mpaka kuandika upya, mpe saa 22. Kujiandaa na jaribio saa 8. Kujiandaa na mtihani wa mwisho saa 15. Hizo ni 45 nyingine, zinabaki 30. Gawa kwa wiki 15, unapata saa mbili za kusoma kwa wiki.

Sasa mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesoma makala ya kitaaluma kwa Kiingereza, huku akiandika dondoo, anakwenda kurasa 12 kwa saa, wengine chini ya hapo. Saa mbili ni kurasa 24 au 25. Kurasa 70 ni karibu saa sita. Saa nne za ziada anazitoa wapi, na ana kozi nyingine nne? Hatazitoa. Ataacha kusoma kabisa na kusubiri slaidi zako.

Namba yangu ya kurasa 12 usiichukue kama sheria. Wape ukurasa mmoja wa makala semina ya kwanza, wapime kwa saa, utaipata namba ya darasa lako.

---

Dokta Mtarajiwa

Mzee, kwa heshima, hapo tunashusha kiwango. Mwaka wa pili akishindwa kurasa 70 atafanyaje shahada ya uzamili? Kusoma sana ndiko kunakoongeza kasi ya kusoma.

---

Mkenya Nakuru

Mimi niko na Dokta kwa nusu. Huku kwetu kozi inahesabiwa kwa saa za darasani, kama 42 hadi 45 kwa muhula, na kile mwanafunzi anafanya nje hakuna mtu anahesabu. Matokeo ni kwamba orodha ya kusoma inakuwa ndefu na hakuna anayeisoma. Nilijaribu kugawa safu ya kusoma mara mbili: lazima, na nyongeza. Kwa lazima ni kitu kimoja tu, na semina inaanza na swali moja kutoka hapo. Walioanza kusoma nyongeza ni wale ambao wangesoma tu hata ungewaachia bila orodha. Kasi ya kusoma haikuongezeka kwa sababu nimeandika kurasa 70 kwa karatasi.

Bi Mkufunzi, ushauri mwingine wa kiufundi. Tarehe usiziandike kwa mkono. Weka Ijumaa ya kwanza kwa seli `B2`, halafu `B3` uandike hivi na uburute mpaka chini:

```
=B2+7
```

Chuo kikisogeza ufunguzi kwa wiki moja, na huku kwetu kukiwa na mgomo husogezwa, unabadilisha `B2` peke yake. Sikukuu ndizo hazisogei, hizo kagua upya kwa macho. Na onyesha mwezi kwa jina, kwa umbo la `d mmm`, kwa sababu kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma 3/4 kama tarehe nne Machi.

---

Unguja Yetu

Kuhusu wiki za mwanzo ambazo watu hawana kompendiamu, historia ya pwani ina bahati. Vyanzo vyake vya kale ni vifupi. Sehemu ya Periplus inayozungumzia Azania ni aya chache tu, ya 15 hadi ya 18, zinaingia kwenye karatasi moja. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na alichoandika juu ya miji hiyo miwili ni kurasa chache. Wape hizo kwa softikopi wiki ya 2 na ya 4, hakuna atakayedai bumu. Na semina itakuwa na kitu cha kubishania: Ibn Battuta anamsifu Sultani wa Kilwa kwa ukarimu, lakini huohuo ukarimu ulitokana na ngawira za vita. Mwanafunzi akiachwa na matini yenyewe, bila mtu wa kumfafanulia, anaanza kuuliza.

---

Bi Mkufunzi

Hili nimelichukua lote. Bado asaimenti. Naona majaribio mawili na insha ni mzigo, lakini sijui nipunguze kipi.

---

Mzee wa Ratiba

Anza kutoka mwisho. Alama za ndani lazima mwanafunzi azione kabla hajaingia mtihani wa mwisho, tuseme 12 Juni. Ukipanga insha ikabidhiwe wiki ya 14, yaani 5 Juni, una siku saba za kusahihisha kazi 160. Insha ya kurasa tano ukiipa dakika 12, ambazo hazitoshi kuandika maoni marefu, ni saa 32. Ukipata saa tatu kila siku ya kazi ni siku 11 za kazi, zaidi ya wiki mbili. Haiwezekani, na utakachofanya ni kuweka alama bila kusoma. Wanafunzi wanajua insha ikirudi na alama tupu.

Kwa hiyo insha ikabidhiwe si baada ya wiki ya 12, na bora wiki ya 11, ili irudi wiki ya 14. Jaribio la wiki ya 13 lifute. Weka badala yake dokezo la insha: ukurasa mmoja wenye swali, hoja na vyanzo vitatu, alama 5, wiki ya 8. Dokezo unalisoma dakika tatu, 160 ni saa nane. Hapo ndipo unamkamata anayeandika juu ya kitu kisicho na vyanzo, wiki tatu kabla ya insha yenyewe.

Jaribio moja, wiki ya 7, tarehe 17 Aprili. Siyo kwa sababu ni katikati, bali kwa sababu wiki ya 5 na ya 6 watu wako safarini kwa Pasaka na Karume, na wiki ya 8 ndiyo iliyojaa kozi nyingine, kama CR alivyosema. Ila waulize wenzako wa kozi zile nne kabla hujaliandika.

---

Bi Mkufunzi

Nimekaa nalo siku mbili. Hii ni sehemu ya kati, ambayo ndiyo ilikuwa ngumu. Saa za kukabidhi zote ni saa 10 jioni (16:00).

| Wiki | Ijumaa | Mhadhara | Kusoma kabla (lazima) | Kinachotolewa | Kinachokabidhiwa |
|---|---|---|---|---|---|
| 4 | 27 Mac | Kilwa na dhahabu ya Sofala | Ibn Battuta, Mombasa na Kilwa, softikopi | – | – |
| 5 | 3 Apr | Hakuna: Ijumaa Kuu | – | Maswali ya insha, Jumatano 1 Apr | – |
| 6 | 10 Apr | Wareno pwani, 1498–1505 | Kompendiamu, kurasa 22 | – | – |
| 7 | 17 Apr | Jaribio (alama 15), wiki 1–6 | Marudio | – | – |
| 8 | 24 Apr | Ngome ya Yesu, 1593–1698 | Kompendiamu, kurasa 24 | Jaribio linarudishwa wiki ijayo semina | Dokezo la insha (5) |
| 9 | 1 Mei | Hakuna: Mei Mosi | – | Madokezo yanarudishwa semina | – |
| 10 | 8 Mei | Seyyid Said, karafuu na misafara | Kompendiamu, kurasa 25 | – | – |
| 11 | 15 Mei | Utumwa na mkataba wa 1873 | Matini ya mkataba, softikopi | – | Insha (15) |
| 12 | 22 Mei | Pwani inagawanywa, 1886–1890 | Kompendiamu, kurasa 20 | – | – |

Semina ni alama 5 zilizobaki, jumla 40. Wiki ya 3 nimeandika "Idd el-Fitr, ikiwa Jumamosi, mhadhara ni mafunzo ya kusoma vyanzo", kitu ambacho hakina mada mpya, asiyekuja asiachwe. Wiki ya 13 ni Abushiri hadi Maji Maji, ya 14 ni njia ya kuelekea 1964, ya 15 marudio na kurudishwa kwa chochote kilichobaki. Kurasa kamili na miaka ya matoleo naziandika nikishatoka maktaba.

Nimeongea na wenzangu wa kozi nyingine. Wawili wamekubali kuhama wiki ya 8, mmoja amekataa, mmoja hajajibu.

---

CR Mwaka wa Pili

Ningepewa hili wiki ya kwanza ningelibandika ukutani. Swali langu ni moja: safu ya "kinachotolewa" inatuambia kazi inarudi lini. Mkichelewa nyinyi, inakuwaje? Sisi tukichelewa tunakatwa.

---

Dokta Mtarajiwa

Hilo swali ni zito. Mimi siungi mkono kuandika tarehe ya kurudisha kazi. Mhadhiri mmoja, wanafunzi 160, akiumwa siku tatu tayari amevunja jedwali mbele ya darasa zima. Aandike "ndani ya wiki tatu" inatosha.

---

Mkenya Nakuru

"Ndani ya wiki tatu" ndiyo hiyohiyo tarehe, ila umemwachia mwanafunzi ahesabu mwenyewe.

---

Mzee wa Ratiba

Iandike. Na andika chini ya jedwali kwamba mabadiliko yoyote yatatangazwa kwa maandishi siku saba kabla, na kwamba tarehe ya kukabidhi inaweza kusogezwa mbele lakini kamwe haivutwi nyuma. Kila nakala mpya iwe na tarehe yake juu, "Toleo la 24 Februari", maana wanafunzi watakuwa na picha za toleo la kwanza kwenye simu mpaka Juni.

Kuhusu adhabu za kuchelewa kwa mhadhiri, idara nyingi hazina utaratibu, na sitajifanya ninalo jibu.

---

Bi Mkufunzi

Tarehe za kurudisha zinabaki. Nilichoamua ni hiki: madokezo yakichelewa kurudi, siku ya kukabidhi insha inasogea kwa idadi ileile ya siku, kwa sababu hawawezi kuandika insha bila kuyaona. Kwa insha yenyewe ikichelewa kurudi sina cha kuwapa, maana mtihani hausogei. Mwenye wazo aliweke hapa, nalipeleka kwa mkuu wa idara Alhamisi.

---

Rafu ya Akiba

Njoo kabla ya Alhamisi, asubuhi. Kitabu unachokitegemea wiki ya 10 kama ndicho ninachokifikiria, nakala yetu iko kwa wajalidi.